Fataki imelipukia sikioni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mlio na sikio kuziba

Nafanya kazi chumba cha kupima usikivu. Maswali haya huja kwa wingi baada ya mkesha wa Mwaka Mpya na sikukuu za Idi, na mengi huja yakiwa yamechelewa wiki mbili au tatu. Ndiyo maana nimeanza na saa za mwanzo.

## Saa za mwanzo

Fataki imelipuka karibu yangu. Sikio linalia na nasikia kwa mbali. Nifanye nini sasa hivi?

Ondoka hapo. Usisogee pembeni kidogo tu; nenda mahali ambapo mtu anaweza kuongea nawe bila kupaza sauti. Sikio lililopigwa na mlipuko limechoka vibaya, na fataki ya pili au spika ya muziki inalikuta halina nguvu ya kuhimili. Wengi wanaoharibikiwa kabisa walipata mlio saa sita usiku, kisha wakaendelea kusherehekea hadi alfajiri.

Ukifika penye utulivu, tazama saa na ukumbuke mlipuko ulitokea saa ngapi. Daktari atauliza. Kisha jiangalie, au mwombe mtu akuangalie kwa tochi ya simu: je, kuna damu au maji yanayotoka sikioni? Sugua vidole viwili karibu na sikio la kulia, halafu la kushoto, kwa umbali uleule. Ukisikia msuguo upande mmoja tu, umeshajua sikio lipi limeumia.

Kama kuna maumivu, paracetamol ya kawaida inatosha. Baada ya hapo ni kupumzisha masikio: usivae spika za masikioni, usiende disko, usiwashe grenda wala mashine ya kusaga. Kukaa kimya kama kaburini nako si lazima. Sauti ya feni au watu wanaozungumza kawaida haidhuru.

Dalili zipi ni za kwenda hospitali usiku huohuo?

Nenda bila kungoja asubuhi kama sikio linatoa damu, au maji meupe yanayotiririka kama maji ya kunywa. Maji hayo yanaweza kuwa yametoka kwenye ubongo kupitia ufa wa fuvu. Nenda pia kama kichwa kinazunguka kiasi cha kushindwa kusimama, kama upande mmoja wa uso umelegea, kama ulipoteza fahamu, au kama sikio moja halisikii kitu kabisa. Mlipuko mkubwa ukifuatiwa na kubanwa kifua au kukohoa damu, shughulikia mapafu kwanza, sikio litasubiri.

Kama huna hata moja kati ya hizo, una muda kidogo. Soma swali la “Nisubiri kwa muda gani?”

Nimeambiwa nitie mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Nitie?

Hapana. Usitie mafuta, maji ya chumvi, kitunguu saumu, wala matone yaliyobaki kabatini. Sikio linaonekana limeziba, kwa hiyo mtu anadhani kuna kitu cha kuzibua. Mara nyingi hakuna kilichoziba. Kilichoumia kiko ndani zaidi, mafuta hayafiki huko. Na kama ngoma ya sikio imepasuka, chochote utakachomimina kinapita tundu na kuingia sikio la kati, mahali ambapo hapakuwa na vijidudu. Matone mengine ya dukani yana gentamicin au neomycin, dawa zinazoweza kuua usikivu zikipita kwenye tundu hilo.

Kijiti cha pamba nacho kiache. Usibane pua na kupuliza kwa nguvu ili “sikio lifunguke”. Kama ngoma ina mpasuko, hewa hiyo inaupanua. Ukiwa na mafua, penga kwa upole, tundu moja la pua kwa wakati.

## Kilichotokea ndani

Kwa nini nasikia kama nimewekewa pamba?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama ganda la konokono, kinaitwa koklea. Kimejaa majimaji, na kimepangwa safu za seli zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti inapoingia, majimaji yanayumba, vinyweleo vinapinda, na seli zinapeleka habari kwenye ubongo. Katika kila sikio, seli zinazofanya kazi ya kupeleka habari hiyo hazizidi 3,500 hivi. Zilizobaki, kama 12,000, kazi yake ni kukuza sauti ndogo ili isikike.

Mlipuko unayatikisa majimaji hayo kwa ghafla kama wimbi linalopiga mikoko. Vinyweleo vingine vinalala na kuinuka tena baada ya saa au siku. Vingine vinakatika, na seli inakufa. Kwa binadamu seli hizi hazioti tena.

Sehemu inayoumia kwanza ni ile inayopokea sauti nyembamba, kwenye hezi 3,000 hadi 6,000. Humo ndimo zilimo “s”, “sh”, “f” na “ch”. Ndiyo maana unasikia kwamba mtu anaongea, lakini “fika” na “shika” zinafanana. Irabu zinapita vizuri, konsonanti zinapotea, na maneno yanakuwa uji.

Na huo mlio unatoka wapi, wakati hakuna kinacholia?

Seli zikinyamaza ghafla, ubongo unapokea habari pungufu kutoka upande huo, nao unaongeza “sauti” yake wenyewe kufidia, kama mtu anayefungua redio hadi mwisho kwenye stesheni isiyoshika. Unachosikia ni ule mchachariko. Kwa wengi ni mwembamba, kama nyenje wa jioni, kwa sababu sehemu iliyoumia ni ya sauti nyembamba. Mlio peke yake hausemi kama dhara ni la muda au la kudumu.

Fataki moja tu kweli inaweza kuharibu? Mimi nafanya kazi kwenye kelele miaka yote.

Inaweza. Kelele za kazini zinakula sikio polepole, mlipuko unafanya kazi hiyo kwa kupepesa jicho. Sikio lina msuli mdogo unaokaza mifupa yake kelele inapozidi, lakini unahitaji sehemu ya kumi ya sekunde hivi kujipanga. Fataki imeshamaliza kabla msuli haujaamka.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kilele cha mshindo kuwa desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Fataki ikilipuka mita moja au mbili kutoka sikioni inaweza kuvuka 140. Umbali ndio ulinzi wa bei rahisi kuliko wote: kila unapoongeza umbali mara mbili mahali pa wazi, sauti inashuka kwa desibeli 6 hivi. Ndani ya uchochoro wenye kuta pande zote hesabu hiyo haifanyi kazi, maana kuta zinarudisha sauti. Na ile baruti ya watoto, ya spoku ya baiskeli iliyojazwa vichwa vya viberiti na kupigwa ukutani, hulipuka urefu wa mkono tu kutoka sikioni.

## Kungoja au kwenda

Nisubiri kwa muda gani?

Ushauri wangu ni saa 24. Sikio lililochoka tu huanza kufunguka ndani ya saa chache, na kesho yake wakati kama huo unapaswa kuona nafuu iliyo wazi. Kama saa 24 zimepita na bado sikio limeziba, au sikio moja ni baya kuliko jingine, tafuta kipimo siku hiyo au inayofuata. Usingoje wiki “lijifungue lenyewe”. Linaweza kujifungua, ndiyo. Ila lisipojifungua, siku ambazo dawa ingeweza kusaidia zimekwenda, na hazirudi.

Kama kusikia kumerudi na mlio mdogo tu ndio umebaki, unaweza kuupa siku kadhaa ukiwa kwenye utulivu. Ukivuka wiki, kapime.

Naweza kujua mwenyewe kama ni ngoma imepasuka au ni ndani?

Kuna jaribio la nyumbani linalosaidia kama sikio moja ndilo lililoumia. Funga mdomo uvume “mmmm” kwa sauti nene ya kawaida, kama unayefuatisha wimbo. Sikiliza: mvumo unasikika zaidi upande gani?

Ukienda kwenye sikio bovu, tatizo liko njiani: ngoma imepasuka, kuna damu, au mshindo umesukuma nta. Ukienda kwenye sikio zima, tatizo liko kwenye koklea au mshipa wake. Inashangaza, lakini jaribu kuziba sikio moja kwa kidole uvume, utaona mvumo unahamia kwenye lile uliloliziba. Mfupa wa kichwa unapeleka sauti moja kwa moja kwenye koklea zote mbili. Sikio lililozibwa njiani halisumbuliwi na kelele za nje, hivyo linasikia mvumo zaidi, na koklea iliyoumia inasikia kidogo.

Mvumo ukienda kwenye sikio zima, usipoteze siku. Ukibaki katikati, jaribio halijakuambia kitu, hasa kama masikio yote mawili yameumia. Na mtu anaweza kuwa na ngoma iliyopasuka na koklea iliyoumia kwa pamoja, jambo linalolivuruga jaribio hili. Kwa hiyo litumie kukuharakisha, lisikupe sababu ya kubaki nyumbani.

Nipe mfano wa mtu tangu mwanzo hadi mwisho.

Huyu nimemtunga kutokana na wengi wanaokuja. Fundi wa aluminiamu, miaka 24, kilo 60. Dakika tano baada ya saa sita usiku, mkesha wa Mwaka Mpya, fataki iliyorushwa na jirani inalipuka usawa wa bega lake la kushoto. Sikio la kushoto linalia na kuziba palepale. Hakuna damu. Anabaki kwenye sherehe mpaka saa tisa, kosa la kwanza.

Tarehe 1 asubuhi anaona sauti ya mama yake kwenye simu ni kama inatoka kwenye debe akiweka simu kushoto. Kulia iko sawa. Anavuma “mmmm”: mvumo unakwenda kulia, kwenye sikio zima. Jioni hakuna nafuu. Tarehe 2 anakwenda kupima.

Ngoma ya sikio ni nzima, nyekundu kidogo. Kwenye kipimo cha usikivu, namba ikiwa kubwa zaidi, kusikia ni kubaya zaidi. Kinaonyesha sikio la kulia linasikia kila sauti kwenye desibeli 10 hadi 15. La kushoto liko 15 hadi 20 kwa sauti nene, halafu mstari unatumbukia: 35 kwenye hezi 3,000, 50 kwenye 4,000, 45 kwenye 6,000, kisha unapanda hadi 30 kwenye 8,000. Lile shimo la 4,000 ni alama ya sikio lililoumizwa na mlipuko au kelele. Tukiliona hatuulizi mara mbili. Daktari anapima sukari na presha, anampa prednisolone, steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 60 asubuhi baada ya kula kwa siku 7, kisha anaipunguza kidogo kidogo. Grenda ni marufuku.

Tarehe 16 anarudi. Kwenye 4,000 sasa anasikia kwa desibeli 25, na mlio anausikia usiku tu, nyumba ikinyamaza. Je, ni dawa au ni mwili wenyewe? Kwa mgonjwa mmoja hakuna anayeweza kuapa.

## Hospitalini

Nitapimwa nini, na niombe nini?

Kwanza utaangaliwa ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Hapo ndipo wengi huishia: “Ngoma ni nzima, uko salama, nenda nyumbani.” Ngoma nzima haisemi lolote kuhusu koklea. Ukitazamwa tu na bado husikii, sema wazi: “Naomba nipimwe usikivu,” au uliza ni wapi wanapima. Ni kipimo cha kukaa kwenye chumba kimya na spika za masikioni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Hakiumi, na hakifiki nusu saa. Omba nakala ya mchoro wake na uitunze, kwa sababu kipimo cha pili bila cha kwanza hakina cha kulinganishwa nacho.

Steroidi zinasaidia kweli?

Nitasema ninavyoelewa. Kwa uziwi wa ghafla usio na chanzo kinachojulikana, madaktari wamezoea kutoa prednisolone miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, bila kuzidi 60, na ianze ndani ya wiki mbili, mapema kadiri inavyowezekana. Kwa mlipuko ushahidi ni mwembamba zaidi, na sehemu kubwa ya mazoea yameazimwa kutoka huko. Wanaoitoa wanataka kutuliza uvimbe ndani ya koklea kabla seli zilizojeruhiwa hazijafa. Njia nyingine ni daktari wa masikio kuchoma steroidi kupitia ngoma ya sikio, hasa kwa asiyeweza kumeza vidonge.

Usinunue mwenyewe dukani. Prednisolone ya kiasi hiki inapandisha sukari na presha, inachokoza vidonda vya tumbo, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Mwenye kisukari, mjamzito, na anayetumia dawa za kufubaza virusi lazima aseme kabla ya kuandikiwa.

Ngoma ya sikio imepasuka. Itaziba?

Mara nyingi ndiyo, yenyewe, ndani ya wiki sita hadi nane, mradi ibaki kavu. Unapooga, chukua kipande cha pamba, kipake vaselini upande wa nje, kiweke mlangoni mwa sikio bila kukisukuma, kisha kitoe ukimaliza. Kuogelea hapana. Antibaiotiki hazihitajiki kwa tundu kavu na safi. Sikio likianza kutoa usaha au harufu, hapo rudi.

Rudi uangaliwe hata kama unajisikia umepona, miezi miwili au mitatu baadaye. Kingo za mpasuko zinaweza kujikunja kwa ndani na kuburuta ngozi, na ngozi hiyo ikikua huko inatafuna mifupa midogo ya sikio bila maumivu.

Vipi kuhusu vitamini, ginkgo na betahistine?

Hakuna hata moja iliyoonyesha kuzima mlio wa namna hii. Betahistine ina matumizi yake kwa watu wenye kizunguzungu, si kwa mlio. Hela hiyo ilipie kipimo.

## Maswali ya pembeni

Kipimo kimetoka sawa, lakini kwenye kelele sielewi watu wanasema nini. Najidanganya?

Hujidanganyi. Mlipuko unaweza kuacha seli hai lakini ukakata baadhi ya viungio kati yake na mshipa wa kusikia. Kwenye chumba kimya viungio vilivyobaki vinatosha, na kipimo kinatoka kizuri. Kwenye daladala au harusini habari haitoshi. Uliza kama wanaweza kukupima ufahamu wa maneno kwenye kelele. Na usichukulie kipimo kizuri kama ruhusa ya kurudi kwenye fataki.

Mtoto wangu ana miaka mitatu, fataki ilimlipukia karibu. Nitajuaje?

Mtoto wa umri huo hasemi “sikio linalia”. Atashika sikio, atalia, atakataa kulalia upande mmoja, au ataongeza sauti ya televisheni. Simama nyuma yake, asikuone, umwite jina kwa kunong’ona, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Akikosa kugeuka mara kwa mara upande mmoja, usingoje saa 24. Kuna vipimo visivyohitaji mtoto ajibu, kwa hiyo usikubali kuambiwa asubiri akue.

Natumia dawa ya malaria au sindano. Kuna tatizo?

Kwinini na aspirini ya dozi kubwa huleta mlio zenyewe, na sindano za gentamicin au streptomycin zinaweza kuharibu koklea. Kwenye sikio lililoumia ni mzigo juu ya mzigo. Hata hivyo usiache dawa kwa hiari yako, malaria kali inaua haraka kuliko mlio. Mwambie anayekutibu kuhusu mlipuko, naye ataona kama kuna dawa mbadala.

Mlipuko mkubwa, kama ule wa maghala ya silaha, ni tofauti na fataki?

Wakazi wa Mbagala, Dar es Salaam, walipitia hayo Aprili 29, 2009, na wa Gongo la Mboto Februari 16, 2011. Tofauti ni kwamba mlipuko mkubwa una wimbi la mgandamizo, si sauti peke yake. Ngoma ya sikio ni kati ya vitu vya kwanza kupasuka mwilini, lakini ngoma nzima haithibitishi kwamba mapafu na matumbo yako salama. Tofauti nyingine ni kwamba milipuko ya maghala hurudia kwa saa nyingi, kwa hiyo ziba masikio kwa vidole unapokimbia: bonyeza kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu kifunike. Pamba ya kawaida karibu haizuii kitu.

Lini naweza kurudi kwenye grenda?

Kama kusikia kumerudi na mlio umekwisha, ngoja wiki moja au mbili, kisha urudi na plagi za povu. Izungushe plagi vidoleni iwe nyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, isukume ndani, uishikilie kwa sekunde 30 ifumuke. Ukiivaa sawasawa, sauti yako mwenyewe itakuwa nzito kama uko ndani ya pipa. Kama kipimo bado kina shimo, rudia kipimo kwanza.

Mlio umebaki mwezi wa nne sasa. Ndiyo basi?

Mlio uliovuka miezi mitatu mara nyingi hukaa, lakini jinsi unavyosumbua hubadilika sana. Usilale kwenye ukimya mtupu: feni, au redio iliyofunguliwa chini kidogo ya kiwango cha mlio, inaupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza. Kama kipimo kinaonyesha usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia hupunguza mlio kwa wengi, kwa sababu kinarudisha zile sauti ambazo ubongo unazitafuta. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo ni jambo jingine kabisa, na huo unahitaji daktari wa masikio, pua na koo.